Asante kwa Bibi Aliyenikanda Miguu

Najua ile picha mmeshaiona, na wengine mliitumiana kwenye magrupu mkidhani sitajua, basi leo acheni niisimulie mwenyewe kabla ukoo mzima wa mume wangu huko Kimbiji haujaiharibu zaidi. Aibu niliyoipata nikiwa chali kitandani, sijanyanyua hata kidole zaidi ya kile cha kubonyeza simu, simuombei mtu.

Nilifanyiwa upasuaji. Wa nini, hilo sisemi (na nyie msianze). Waliolijua ni daktari, mume wangu Shabani na dada yangu Zuhura. Ambaye sikutaka alijue kabisa ni mama mkwe wangu, Bi Tatu, maana tulikuwa hatusemeshani tangu Idi kwa ajili ya sufuria la pilau nililoliazima kwake, akasema nimelirudisha limetoboka, na mie nikamjibu mbele za watu. Shabani alibembeleza huku na huku mpaka akachoka. Nami nilikuwa naogopa, kusema kweli, kwamba mtu mwenye kinyongo akishaijua siri ya mwili wako, siku ya ugomvi ataitoa.

Nusukaputi, kwa ambao hamjaionja, haitoki yote kwa mpigo. Masikio yanaamka kwanza, macho baadaye, ulimi mwisho kabisa. Nilimsikia sista ananiita jina, ananiambia nivute pumzi, ananifunga mkanda wa kupimia presha mkononi, anafunua shuka kuangalia bandeji, halafu nazama tena. Koo linakereketa, maji hawakupi, unapanguswa midomo kwa pamba iliyoloweshwa basi. Saa ya wageni Zuhura akaja akakaa, wageni wakatolewa, wodi ikanyamaza.

Magharibi ndiyo nikahisi mtu yuko miguuni kwangu.

Alikuwa kati yangu na dirisha, kajitanda, uso mweusi tii kwa sababu mwanga ulikuwa nyuma yake. Nikahisi mikono kwenye nyayo zangu, ya baridi, inakanda kuanzia kisigino kwenda vidoleni, taratibu, na harufu ya mafuta ya karafuu ikapanda mpaka puani. Jamani, mtu mmoja tu ndiye alikuwaga ananikanda hivyo nikiumwa, bibi yangu mzaa mama, na huyo tulimzika Buguruni mie bado nasoma shule. Nikausukuma ulimi mpaka ukatoka: "Bibi?" Mikono ikasimama. Halafu ikaendelea. Sikuogopa hata kidogo, hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Nilipoamka vizuri nikamuuliza sista wa usiku ni nani aliyekuja. Akaniambia tangu aingie zamu hajapita mgeni, na wageni saa hizo hawaruhusiwi. Nikasugua kidole cha mguu kwa mwenzake. Kinateleza. Na juu ya shuka nimefunikwa kanga ambayo si yangu, nyekundu iliyopauka, inanukia udi, imeandikwa HASIRA ZANGU SI CHUKI. Nikalala macho wazi, najiuliza bibi nilimkasirisha nini.

Asubuhi Zuhura kaja na uji. Kanga haijui. Akainama akanusa nyayo zangu, akanyanyuka polepole na kwenda kusimama mbali na kitanda. "Haya ni mafuta ya bibi," akasema, na machozi yakamtoka, nami yakanitoka.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wa kijinga. Watu walikuwa wananitafuta, simu haipokelewi, nikaona niposti nimalize maswali. Nilijiona mjanja ajabu. Sista aliniambia piga picha mkono wako tu, wagonjwa wenzako na manesi usiwaguse, nikatii. Ile bangili ya mkononi yenye jina nikaigeuza ndani, chupa ya dripu yenye maandishi nikaiacha nje ya picha, faili nikalifunika, jina la hospitali sikutaja. Ukabaki mkono wenye sindano iliyobandikwa plasta, umelala juu ya kanga. Chini nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, mpaka ikawa hivi:

"Alhamdulillah, nimetoka salama. Madaktari na manesi, Mungu aibariki mikono yenu. Mume wangu, asante kwa kutolala. Dada Zuhura, asante kwa uji na kwa kunyamaza. Mnaouliza naumwa nini, niombeeni tu inatosha. Na wewe bibi yangu kipenzi, uliyetoka huko ulikolazwa ukaja kunikanda miguu na kunifunika kanga yako, nimekuona. Rudi ukapumzike kwa amani."

Weee. Nusu ya watu wakanipa hongera wakiuliza mtoto wa kike au wa kiume. Nusu ya pili wakaanza kusimulia wafu wao. Mjomba akatangaza kisomo cha bibi Ijumaa, wali upikwe. Mama wa kitanda cha pili akasomewa na mwanawe, akamwita sista na kuomba ahamishwe, na yule aliyeletwa mahali pake alipoambiwa sababu akakataa kulala. Sista akaja kajishika kiuno, akaniuliza nimeandika nini kuhusu wodi yake.

Katikati ya zile ameen, wifi yangu Mwajuma akaandika: "Wifi, hiyo kanga ni ya mama. Pande lake la pili liko hapa kwenye kamba. Na mama mwenyewe yupo, anakula, nimeshamsomea."

Nilifuta, lakini nani kasema kufuta kunasaidia, walishaipiga picha wote. Na kucheka siwezi, mshono unavuta (hapo nimeshasema zaidi ya nilivyotaka).

Jioni, saa ya wageni, Shabani kaingia haniangalii usoni, na hapo hapo nikajua nani alivujisha siri. Nyuma yake mtu kajitanda pande la pili. Akasimama pale pale miguuni, dirisha nyuma yake, uso mweusi vile vile, na mwili ukanisisimka ingawa nilikuwa najua kila kitu.

"Marehemu kaja," akasema Bi Tatu.

Nikasema shikamoo mama. Ikachelewa, lakini ikaja: marahaba. Akakaa. Akanieleza kuwa jana yake pantoni la kuvukia kutoka Kimbiji lilimchelewesha, sista wa zamu ya mchana akamuonea huruma akampitisha, akanikuta nimelala. Nikalia, nikamwomba radhi ya sufuria na ya posti, nikamuuliza kama anajua nilichofanyiwa.

"Nakijua tangu hujalazwa. Umesikia kwa nani mwingine?"

Sikuwa nimesikia kwa mtu. Mtu niliyemficha ndiye aliyenifichia, na mtangazaji nilikuwa mie. Nikamwambia mama, asante kwa kunikanda, ningekutambua nisingeandika upuuzi ule.

Akaniangalia. "Mie nilikufunika kanga nikasimama, nikakusikia unaita bibi, nikadhani unaota. Miguu sijakugusa. Ningekugusaje mtu hatusemeshani?"

Shabani akaangalia sakafu. Nikamwambia mama anuse mikono yake mwenyewe, hakutaka. Akalifunua shuka, akanishika nyayo, akaanza kukanda. Mikono yake ni ya moto. Na inaanzia vidoleni kwenda kisigino.

Basi jamani, nimekoma. Nikilazwa tena nitaandika asanteni nyote, nukta, simtaji mtu. Ile picha nimeirudisha, nimetanguliza jina la Bi Tatu juu kabisa na maneno ya adabu. Ule mstari wa bibi, Shabani kaniambia niufute. Nimeuacha.