Tangazo Lililomtoa Bi Hawa Mpapura

Shamimu Chitanda hutengeneza matangazo ya mtandaoni katika chumba kimoja nyuma ya soko kuu la Mtwara. Mlangoni kuna mashine ya kutolea nakala, ndani kuna meza, kompyuta na feni inayolia. Wateja wake ni mwenye nyumba ya wageni, fundi wa majokofu, na watu wengine wa namna hiyo ambao hawana uwezo wa kuweka bango barabarani. Kazi hiyo alijifunza mwenyewe baada ya kuacha uhazili katika kampuni moja iliyokuja na mradi wa gesi wa Madimba na baadaye ikapunguza watu. Ni mwanamke mwangalifu. Hasira yake huja polepole, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililoleta hasara.

Mteja wake mkubwa mwaka wa kisa hiki alikuwa Rajabu Mkwanda, mwenye duka la pembejeo za kilimo. Rajabu anauza salfa ya kupulizia mikorosho, viuatilifu, mabomba na vipuri vya mashine za kupulizia. Alitaka mkulima wa Nanyamba au Mpapura akishika simu yake na kutafuta dawa ya mikorosho, duka lake litokee juu kabisa.

Shamimu alimweleza njia. Unapanga maneno muhimu, yaani yale unayodhani mkulima atayatafuta. Kisha, katika kichwa cha tangazo, badala ya kuandika maneno yasiyobadilika, unaacha nafasi ndani ya mabano. Mkulima akitafuta kitu kinacholingana na neno mojawapo katika orodha yako, mtambo wa matangazo mtandaoni unalichukua neno hilo na kulijaza pale kwenye nafasi. Anayetafuta salfa anaona salfa, na anayetafuta bomba anaona bomba. Neno likiwa refu kupita herufi thelathini zinazoruhusiwa kichwani, mtambo unaliacha na kuweka neno la akiba ulilolitaja wewe mwenyewe.

"Kwa hiyo tangazo moja linasema kama matangazo hamsini," alisema Rajabu.

"Ndiyo. Na mtu akiona kile kile alichokitafuta, anabofya haraka zaidi."

"Basi wewe ni mchawi, dada."

"Si uchawi, Bwana Rajabu. Mtambo haujui maana. Unajaza tu."

Waliandika kichwa hivi: neno "Pata", kisha nafasi, na neno la akiba likawa "Dawa Za Mikorosho". Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Aliyetafuta salfa ya unga aliona "Pata Salfa Ya Unga". Aliyetafuta dawa ya ubwiri unga wa mikorosho, ule ukungu mweupe unaoua maua, aliona "Pata Dawa Za Mikorosho", kwa sababu neno lake lilikuwa refu mno. Simu za dukani ziliongezeka na Rajabu akawa anatembea kifua mbele.

Kosa la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Rajabu alikuwa na ruhusa ya kuingia katika akaunti kwa simu yake, na mtambo huwa unapendekeza maneno ya kuongeza. Jioni moja aliyakubali mapendekezo yote bila kuyasoma, na moja lilikuwa "ugonjwa wa mikorosho". Kesho yake wapinzani wake sokoni walikuwa wakionyeshana simu: Pata Ugonjwa Wa Mikorosho, na chini yake jina la duka la Rajabu.

"Rajabu, nipimie kilo mbili za ugonjwa!" mmoja alimpigia kelele toka ng'ambo ya barabara. "Na uniwekee punguzo!"

Shamimu aliliondoa neno lile. Alimwomba Rajabu asiguse tena orodha kabla Shamimu hajasoma kila kichwa kitakavyotokea. Rajabu alicheka na kuahidi. Ahadi yake ilikuwa nyepesi kama kicheko chake.

Maana mapendekezo mapya yalipokuja, kulikuwa na neno jingine ambalo Rajabu alilisoma vizuri na kuliongeza akiwa na akili zake timamu: "salfa ya ruzuku". Hapo si mtambo tena, hapo ni mtu. Salfa ya ruzuku, ile ya serikali, haiuzwi dukani kwa Rajabu wala kwa mwingine yeyote. Hugawiwa vijijini kwa wakulima waliosajiliwa, kupitia chama chao cha msingi cha ushirika. Msimu ule magari yalichelewa, na kila mkulima mwenye simu alikuwa akiuliza mtandaoni iko wapi. Rajabu alijua hivyo. Alijua pia kuwa kichwa kingesema "Pata Salfa Ya Ruzuku".

Shamimu alipoliona Jumatatu, alikwenda dukani.

"Bwana Rajabu, huu ni uongo. Wewe huna salfa ya ruzuku."

"Uongo gani? Nimeandika mimi? Si mtambo umejaza?"

"Neno umeliweka wewe."

"Dada Shamimu, sikiliza. Wao wanatafuta salfa, mimi nina salfa. Wakishafika hapa, watarudi mikono mitupu? Watanunua. Acha liende mpaka mwisho wa msimu."

Angeweza kuliondoa palepale, kwa mibofyo michache. Hakuliondoa. Alijiambia kuwa akaunti ni ya mwenye duka, kwamba amekwisha onya, kwamba atazungumza naye tena Ijumaa. Watu wengi wema hufanya hivyo hivyo, na uovu unapita katikati yao bila kuguswa.

Ijumaa ile aliingia dukani Bi Hawa Nantende. Ni mkulima wa Mpapura, mwenye mashamba mawili ya mikorosho, la juu na la bondeni. Mikorosho ya bondeni ilikuwa imeanza kutoa maua, na ukungu mweupe ulikuwa umeanza kuonekana kwenye vikonyo. Salfa isipopulizwa wakati huo, maua hukauka na kuwa meusi, na ua lililokauka halina korosho. Usiku wa kuamkia siku ile alitafuta kwa simu yake: salfa ya ruzuku inapatikana wapi Mtwara. Mtambo ukaliona neno la Rajabu ndani ya swali lake, ukajaza kichwa. Asubuhi akapanda gari la kwanza kuja mjini.

Shamimu alikuwapo dukani, amekuja kwa ule mjadala wa Ijumaa.

"Nimekuja kuchukua salfa ya ruzuku," alisema Bi Hawa, akiweka kwenye kaunta kitambulisho chake cha mkulima.

Rajabu alikisukuma kando kwa kidole. "Ya ruzuku hapa hakuna, mama. Ila salfa ipo, safi kabisa. Mifuko mingapi?"

"Hakuna vipi? Nnakuuliza, hakuna vipi?" Alitoa simu na kuigeuza waione. "Soma. Pata Salfa Ya Ruzuku. Hili si duka lako? Hii si namba yako?"

"Hayo ni mambo ya mtandao, mama yangu. Mtandao unajiandikia wenyewe."

"Unajiandikia na jina lako?"

Kabla hajajibiwa, simu ile ikaita mkononi mwake. Alikuwa jirani yake wa Mpapura, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye kaunta. "Hawa, uko wapi wewe? Gari la salfa limefika! Wanaita majina, asiyekuwapo wanaruka!"

"Mwambie karani nakuja!"

"Nimemwambia. Anasema lazima mwenyewe na kitambulisho chake. Asiyekuwapo asubiri gari lingine."

Bi Hawa alikitazama kitambulisho pale kilipokuwa kimesukumwa. Kisha akamtazama Rajabu.

"Nipe mifuko ninayostahili. Gari lingine likija, nitakurudishia mwenyewe. Nimetoka kwangu kwa neno lako."

"Mimi nauza, mama. Sigawi."

"Bwana Rajabu," alisema Shamimu, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "mpe. Umemtoa foleni."

"Wewe ndiye uliyetengeneza! Mpe wewe!"

"Nilitengeneza nafasi. Uongo uliojaa humo ni wako. Lakini ni kweli, niliuona Jumatatu nikauacha." Alifungua kompyuta yake ya mpakato juu ya mifuko ya mbolea, akaliondoa neno lile, kisha akaliweka "ruzuku" katika orodha ya maneno ya kuzuia, ili mtu yeyote atakayelitafuta asilione tena tangazo la duka lile. Akaondoa pia mabano na kuandika kichwa kisichobadilika: Salfa Ya Kununua Mtwara.

"Nani amekuruhusu?" Rajabu alifoka. "Unanifukuzia wateja! Toka! Toka na mashine yako, na usikanyage hapa tena!"

"Natoka. Na nitamwambia kila anayeniuliza kwa nini."

"Haya, nendeni wote! Mtandao mzima unafanya hivi, mimi ndiye mwizi peke yangu?"

"Hujaitwa mwizi," alisema Bi Hawa. "Umejiita mwenyewe."

Shamimu alimkodia gari dogo, wakaenda pamoja hadi Mpapura. Walipofika kwenye ghala la chama, gari la salfa lilikuwa limekwisha kuondoka na vumbi la njano lilikuwa bado sakafuni. Shamimu alimweleza karani yote: tangazo, neno, nani aliliweka, nani aliliona akanyamaza. Karani alisikiliza kwa adabu. Alisema amemsikitikia mama, lakini mifuko imekwisha, na hawezi kumnyang'anya aliyepewa. Jirani alijitolea robo ya mfuko wake. Ilitosha miti michache tu.

Gari lingine lilikuja maua ya bondeni yalipokwisha kuwa meusi; shamba la juu, lililochelewa kutoa maua, ndilo pekee lililopona.

Rajabu yu dukani kwake mpaka leo, na akiulizwa husema kuwa mtambo ulimponza. Huo ni woga uliovaa nguo za ufundi. Mtambo haukumwona Bi Hawa wala mikorosho yake. Uliona neno na nafasi, ukaliweka moja ndani ya nyingine kama ulivyoagizwa. Aliyejua maana ya ruzuku kwa mkulima anayeona ukungu kwenye maua yake alikuwa Rajabu mwenyewe, mtu aliyezaliwa Nanyamba, mwana wa mkulima wa korosho.

Shamimu bado anatumia mabano yale, kwa sababu yakitumiwa kwa uaminifu yanamsaidia anayetafuta kupata haraka kitu ambacho kweli kipo. Lakini sasa huketi na mteja na kumsomea kila neno likiwa ndani ya kichwa chake, kwa sauti. Neno lisilo na bidhaa nyuma yake halibaki, na mteja asiyetaka hivyo anaonyeshwa mlango. Wawili wamekwisha kuondoka.

Msimu wa kuvuna korosho ulipofika, alikwenda Mpapura bila kualikwa na kusema amekuja kusaidia kuokota. Bi Hawa hakumkaribisha kitako. Alimpa ndoo, akamtangulia kuvuka shamba la juu ambako watu walikuwa wakiokota na kucheka, akateremka naye mpaka bondeni. Chini ya miti kulikuwa na majani makavu tu, na korosho moja moja za hapa na pale.

"Okota hapa," alisema.

"Hapa hakuna kitu, mama."

"Najua. Okota mpaka ndoo ijae."

Akapanda kurudi juu bila kugeuka. Shamimu aliinama akaanza kupekua majani.