Mkunjo Kwenye Karatasi ya Mtihani

Nilirudi Thika na diploma ya fizikia niliyojilipia ng'ambo, na chuoni ninakofundisha hakuna mwanafunzi anayeweza kunidanganya. Msichana mmoja wa mtaa wa Kimbo alipopata, katika swali la mtihani lenye mchoro wa nishati tuli, sehemu zote mbili ambapo chembe husimama na kugeuka, bila hesabu yoyote, nilishuku ameiba majibu. Isitoshe, karatasi yake ilikuwa na mkunjo. Nikamwita, sifuri yake ikiwa tayari.

“Mwalimu, nilikunja karatasi kwenye kiwango cha nishati yote ya chembe,” alisema. “Mkunjo ukikata mchoro wa nishati tuli, nishati yote imekuwa tuli, mwendo umeisha. Chembe inarudi.”

“Na ikitulia kileleni mwa mchoro?”

“Ukiigusa kidogo tu, inaenda kabisa. Ya bondeni ndiyo hurudi.”

Nikakunja nakala yangu. Mkunjo ulikata palepale hesabu yangu ya ukurasa mzima ilipofika. Nikampa alama zote, ingawa niliikagua karatasi mara mbili zaidi.