Wasifu wa Mkunga Damari

Damari alikuwa mkunga katika zahanati ya misheni, Uyole, miaka ile ya hamsini. Alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, mjane, mrefu, na asiyependa maneno mengi. Wanawake wa vilimani walimwita usiku na mchana, naye alikwenda kwa miguu, mvua iwe inanyesha au umande umeganda kwenye majani.

Jambo moja lilikuwa limemkaa moyoni. Wajawazito wenye shida walipelekwa hospitali Mbeya kwa machela, na wengine hawakufika. Alitaka ijengwe nyumba karibu na hospitali, mama akae pale wiki zake za mwisho akingojea. Alilisema hilo miaka mingi, hakuna aliyemsikiliza. Ndipo siku moja akaitwa Iringa, kwenye mkutano wa watumishi wa afya wa jimbo, akaelezwa kwamba naye atapewa nafasi ya kusema.

Pamoja na mwaliko uliletwa wasifu wake, umeandikwa na karani wa ofisi fulani ambaye hakuwahi kumwona. Chini yake palikuwa na agizo: wasemaji wote watajitambulisha wenyewe, kwa kifupi.

Damari akaenda na karatasi hizo mjini Mbeya kwa Isihaka, aliyekuwa akipiga chapa kwenye baraza ya duka karibu na soko. Baba yake Isihaka alikuja bara kutoka Bagamoyo, na Kiswahili chake kilikuwa laini. Damari ndiye aliyempokea binti wa Isihaka, Bibie, alipozaliwa.

"Shikamoo mama," Isihaka alisema, akamvutia kiti.

"Marahaba, baba Bibie. Nisomee hii, kisha unitengenezee. Hapa nimeandikwa kama mtu aliyekwisha kufa."

Isihaka akasoma: "Bibi Damari ni Mkunga wa Daraja la Pili. Alizaliwa wilaya ya Rungwe. Alihitimu mafunzo katika hospitali ya misheni. Ni mtumishi hodari, mwaminifu na mwenye sifa njema. Ni mjane. Hana mtoto."

"Hii ni kazi ndogo," alisema. "Penye 'yeye' tunaweka 'mimi'." Akapiga mistari michache, akaisoma kwa sauti. "Mimi ni mtumishi hodari, mwaminifu na mwenye sifa njema."

Damari akacheka mpaka akajifuta macho. "Nikisema hivyo si watanizomea?"

Isihaka naye akacheka, akaitoa karatasi kwenye mashine. Aliona kosa lake. Sifa ambayo mtu husemewa na mwingine, akijisemea mwenyewe huwa majivuno. Akaweka kalamu juu ya neno "hodari", akaliondoa.

"Basi tuache sifa, tuseme kitendo. Kazi hii ulianzaje, mama?"

"Mama yangu alikuwa akizalisha wanawake kijijini. Mimi nilikuwa namshikia taa."

"Hilo ndilo tuandike."

Wakaendelea hivyo. Daraja la Pili wakaliacha, kwa maana wakunga wenzake wangetaka zaidi kujua anafanya kazi wapi kuliko cheo chake. Mafunzo ya hospitali wakayabakiza, ili waganga wa serikali wasimdharau, lakini "nilihitimu" ikawa "nilisoma", kwa sababu Damari hakuwahi kusema "nilihitimu" tangu azaliwe. Mwanzoni wakatia salamu. Kila sentensi Isihaka alimpa aitamke, na ulimi ulipokwama waliikata katikati.

Wakafika mwisho. Isihaka akasoma polepole, "Sina mtoto."

Damari akaivuta karatasi ya karani, akaitazama. Sokoni mtu alikuwa anaita bei ya viazi.

"Kwenye karatasi yao ni sawa," alisema baadaye. "Aliyeandika hanijui. Lakini kwa mdomo wangu siwezi kusema hivyo. Mimi nimezaa, baba Bibie. Nimezaa mara tatu."

Isihaka hakujua hilo. Alimjua Damari miaka yote ile na hakujua.

"Tunaweza kuliondoa," alisema. "Hakuna sheria inayomtaka mtu aseme yote. Linalokuuma si lazima ulitoe mbele za watu."

Damari alifikiri sana. "Ukiliondoa, nitawaambia nini juu ya ile nyumba? Andika. Saulo, yule wa mwisho, nilimzaa nikiwa kwenye machela, akafia njiani."

Isihaka aliandika, na karatasi ya mwisho ikawa hivi:

"Hamjambo, ndugu zangu. Naitwa Damari, nimetoka Uyole. Mama yangu alikuwa mkunga, na mimi nilimshikia taa kabla sijajua kusoma. Baadaye misheni ikanisomesha kazi hiyo hiyo. Nimepokea watoto wa watu wengi. Wangu walikuwa watatu, na wote nimewazika. Wa mwisho, Saulo, alifia njiani, tukiwa bado mbali na hospitali. Kwa hiyo leo nimekuja kuzungumza nanyi juu ya njia ile."

Damari akaisoma mara kadhaa mpaka hakuhitaji kuitazama. Uso wake ulikuwa na nuru ambayo Isihaka hakuwahi kuiona.

Iringa alifika kwa basi, akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alikuwa Bwana Philbert, mganga msaidizi, mtu mwema lakini mwenye haraka. Wasemaji wa kwanza walikuwa wamekula wakati wote. Zamu ya Damari ilipofika, aliinuka, akafungua kinywa.

"Ngoja kidogo, mama," Bwana Philbert alisema. "Tumechelewa. Kujitambulisha tuache, wasifu ninao hapa."

Akausoma ule wa karani, mbio mbio. Hodari. Mwaminifu. Mjane. Hana mtoto. Watu wakapiga makofi ya adabu.

Damari alisimama pale. Maneno yake yote yalikuwa yamefungwa kwenye yale ya kwanza, na ya kwanza yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa. Alizungumza juu ya nyumba, lakini sauti ilitoka kavu, kama anayesoma ombi la ofisi. Alipomaliza, mzee mmoja wa baraza la wenyeji aliyealikwa pia, Eliezeri, akainuka.

"Tunamshukuru mama. Ila wake zetu wana watoto wengine nyumbani na mashamba. Nani atawaangalia wakikaa mjini wiki nzima nzima? Mwenyewe hakuzaa, hawezi kulijua hilo. Si kosa lake."

Wengine wakaitikia kwa kichwa. Damari alitaka kusema. Alitaka kulitaja jina la Saulo. Lakini kulisema sasa kungekuwa kujibizana na mzee, na mtoto wake si wa kujibizania. Akaketi. Mwenyekiti akasema jambo hilo litatazamwa na kamati, akamwita msemaji mwingine.

Aliporudi Mbeya, alipitia kwa Isihaka.

"Ilikuwaje, mama?"

"Walisoma ile yao."

Isihaka akamvutia kiti. Mkewe, Mwanakhamisi, akaleta chai, na Damari akainywa yote kwa heshima.

Kamati haikuleta jibu. Masika iliyofuata walimshusha Lusia, mke wa mkulima wa juu kabisa mlimani, kwa machela, akiwa na uchungu wa kujifungua. Damari alitembea kando yake akiwa amemshika mkono. Utelezi ulikuwa mwingi, wabebaji wakaanguka mara mbili. Kabla hawajaiona barabara kubwa, mkono ule ulikuwa umepoa. Wakageuza machela, wakaanza kupanda tena.