Programu iliyomwambia mama asubiri zamu yake

Wewe unayesoma hapa, una tabia mbaya. Ukipeleka kitambaa kwa fundi leo, kesho asubuhi ushaanza: "Itakuwa tayari lini?" Mchana tena, lini. Kwani ukiuliza sana ndiyo sindano inakimbia?

Fundi ninayemsema anashona magauni ya harusi kwenye chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga. Mashine iko dirishani, na vitambaa vimejaa mpaka mteja anakaa juu ya ndoo. Simu yake ilikuwa haipumui. Ndugu zake walikuwa na sheria moja: saa za kazi fundi hapigiwi, anaandikiwa. Simu iliwahi kulia akashtuka, sindano ikapita kwenye kidole. Mama yake ndiye aliyepiga marufuku.

Basi jirani yake, muuza kava za simu, akamwekea programu ya kujibu meseji.

"Hii inasoma kila arifa inayoingia," jirani akamweleza, huku akiipa ruhusa kwenye mipangilio. "Ikikuta neno 'lini', inajibu yenyewe kupitia kile kitufe cha kujibu kilicho kwenye arifa. Halafu inaifuta arifa, usisumbuke. Tuandike nini?"

"Andika: Nimekupata, mpendwa. Kazi ni nyingi, subiri zamu yako."

"Shoga, tusiseme ni jibu la mashine?"

"Weee! Waniambie nimewawekea roboti? Acha hivyohivyo."

"Na ndugu zako? Naweza kuwatoa."

"Ndugu ndio wa kwanza kushonewa bure na wa kwanza kuuliza lini. Weka wote!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na kweli kazi ikaenda. Anakaa kwenye mashine, simu kimya kama imelazwa.

Mama yake alikuwa mwalimu wa chekechea. Watoto walimwita Mwalimu Kengele, kwa sababu akiita, kengele ya shule haina kazi. Koo likamsumbua muda mrefu, madaktari wakasema ni uvimbe mbaya, itabidi waondoe kisanduku chote cha sauti. Fundi alijua hilo. Alikuwa anasubiri kuambiwa tarehe, amepanga afunge chumba, aende akakae na mama yake waongee mpaka wachoke.

Tarehe ikaletwa mbele. Mdogo wake wa kike, anayeishi na mama, akaandika palepale:

"Dada, operesheni ni keshokutwa. Baada ya hapo ndiyo basi, sauti hatuisikii tena. Unakuja lini?"

Nimekupata, mpendwa. Kazi ni nyingi, subiri zamu yako.

"Dada, mama anauliza. Unakuja lini?"

Jibu likarudi lilelile, neno kwa neno. Mdogo mtu akaona ni dharau.

"Zamu ya mama yako ni lini, bibi harusi?"

Subiri zamu yako.

Alitaka kupiga simu. Mama akamshika mkono: "Mwache mwanangu ashone. Ana watu wanaolewa."

Na fundi hakuona kitu. Arifa zimefutwa, na kwa kuwa zilijibiwa, mazungumzo yakahesabika yamesomwa, hata alama ya meseji mpya hakuna. Wateja wengine wakaandika, mazungumzo ya mdogo wake yakazama chini.

Meseji iliyopenya ni ile isiyokuwa na "lini": "Mama ametolewa chumba cha operesheni. Usijisumbue." Hiyo ikalia. Fundi akaifungua, akapandisha macho, akasoma majibu yake mwenyewe ambayo hakuyaandika. Gauni la watu likabaki chini ya mashine na sindano imo.

Hospitali, kesho yake aliporuhusiwa kuingia, alimkuta mama amekaa, tundu shingoni, kibao cha kuandikia mapajani. Mdogo mtu akageukia ukutani.

"Mama, sikuwa mimi. Ni programu."

Mama akaandika taratibu: *Nani aliiweka?*

Mama akafuta, akaandika tena: *Nilitaka nikugombeze mara ya mwisho. Nilikuwa nimepanga maneno.*

Akacheka kwa mabega tu, sauti haikutoka. Hapo ndipo fundi alipolia.

Programu ameshaing'oa. Yeye na mdogo wake wanaongea, ila kwa kupimana. Kinachomkera ni kwamba simu yake nzima haina sauti ya mama hata moja: kwao walikuwa watu wa kuandikiana.

Kwa hiyo nakuomba. Kama mwanao, au mdogo wako, alisoma kwa Mwalimu Kengele, pekua video za zamani kwenye simu yako, zile za mahafali na michezo. Hata kama kinachosikika ni "kaeni chini" tu, nitumie, nitamfikishia fundi.