Hakuna Aliyewahi Kumwona Akifundisha

Mimi na mwalimu wa hesabu tumetenganishwa na ukuta mmoja kwa miaka: darasa lake huku, langu la Kiswahili kule. Saa ya chai yeye hukaa peke yake karibu na dirisha, anasahihisha. Wenzetu wanasema anaringa. Aringie nini, jamani! Mume alishafariki, binti yake wa pekee yuko ng'ambo na hupiga simu akikumbuka. Nyumbani inayoongea ni redio. Wakati wa likizo, aliniambia, siku inaweza kuisha hajamwambia mtu hata habari.

Muhula huu mkataba wake unaisha na shule haina nafasi tena. Akikosa kazi, anarudi kwa kaka yake, akalale chumba cha uani na kumezea masimango ya wifi. Bahati ikatokea: shule moja ya mji mwingine inatafuta mwalimu wa hesabu. Barua na vyeti alikuwa navyo. Ila walitaka na ukurasa mmoja wa falsafa yake ya ufundishaji, wenye mifano halisi ya darasani, ufike kabla ya Ijumaa.

Akaniletea alichoandika. Nikasoma mstari wa kwanza, chai ikanipalia: "Hadi mwisho wa falsafa hii, msomaji aweze kueleza maana ya ufundishaji bora." Chini yake zana, utangulizi, hatua ya kwanza, tathmini. Mama wee! Alikuwa ameandika andalio la somo.

"Dada, hawa huendi kuwafundisha kipindi," nikamwambia. "Wanataka kujua unaamini nini, na ukiwa darasani unafanya nini."

"Naamini mwanafunzi ndiye kitovu cha ujifunzaji."

"Hayo tunayasema wote, hata yule mwenzetu anayesinzia darasani. Wewe ulimweka kitovuni siku gani? Kwa kufanya nini?"

Akageuza kalamu mkononi. "Sijui. Mimi nafundisha tu. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniona."

"Na wakaguzi?"

"Walitazama maandalio, wakasaini, wakaenda zao."

Iliniuma. Miaka yote hiyo mtu anafanya kazi, na hana hata mmoja wa kumwambia hapa uliweza, hapa uliteleza. Kesho yake sikuwa na kipindi asubuhi, nikaenda kukaa dawati la nyuma, magoti yamenifika kidevuni.

Mwanafunzi mmoja akaandika ubaoni: nusu kujumlisha theluthi ni mbili ya tano. Mimi ningefuta palepale. Yeye akamuuliza, kwa upole kabisa, amefikaje hapo. "Nimejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini." Akamwambia, "Sawa, nimekuelewa. Hiyo mbili ya tano ni kubwa kuliko nusu, au ni ndogo?" Kisha akanyamaza. Alinyamaza mpaka mimi huku nyuma nikaanza kutapatapa. Wanafunzi wakakunja vipande vya karatasi vilivyolingana urefu, alivyokuja navyo vimekatwa tayari, wakapima. Ghafla yule mtoto akapiga kelele, "Ah! Nimeongeza halafu imepungua! Haiwezekani!" Darasa zima likacheka, na mwalimu naye akacheka. Kabla ya siku hiyo sikuwahi kuyaona meno ya mwanamke yule.

"Andika hayo," nikamwambia kipindi kilipoisha. "Hayohayo uliyofanya."

"Hayo tu?"

"Hayo tu! Na uniambie kwa nini karatasi zilikuwa zimekatwa tayari."

Tukakaa hapohapo darasani, watoto wako nje. Akaandika kwamba kosa la mwanafunzi lina sababu, na kazi yake ni kuisikiliza kabla ya kulisahihisha. Akaeleza swali alilomuuliza yule mtoto na ule ukimya. Akakiri kwamba mwanzoni aliwaachia wakate karatasi wenyewe, zikatofautiana urefu, wakazidi kuchanganyikiwa, ndipo akabadilisha. Akaongeza kwamba siku inayofuata huwapa robo na theluthi bila karatasi, ili aone nani ameelewa na nani amekariri. Ukurasa ukajaa. Hitimisho nilimkatia mimi, lilikuwa na "taifa la kesho" mara mbili.

Wakamwita kwenye usaili. Alisema karibu maswali yote yalihusu zile karatasi, na alizungumza mpaka akajishangaa.

Simu ya kumpa kazi ilimkuta akielekea darasani. Akampigia binti yake, haikupokelewa. Akampigia kaka, haipatikani. Mimi nilikuwa nafundisha. Habari imemjaa kifuani na hana wa kumpa, akaingia akawaambia wanafunzi wake. Nilisikia makofi na vigelegele upande wa pili wa ukuta, nikajua amepata, nikatoka mbio kwenda kumkumbatia.

Nilipofika mlangoni wameshatulia. Mmoja alikuwa amesimama. "Mwalimu, kwa hiyo utaondoka lini?"

Alinitazama mimi, akawatazama wao. Furaha ilikuwa bado usoni, haijajua pa kwenda. Akavuta kiti, akakaa, na safari hii yeye ndiye aliyeulizwa swali, sisi sote tukamngoja.