Mhudumu wa mochwari na mgeni wa kumi la mwisho

Saa saba na nusu usiku, katika kumi la mwisho la Ramadhani, Bwana Baridi anaufunga mlango wa chuma, anausukuma kwa bega kuhakikisha umeshika, kisha anawaaga watu ambao hawatamwitikia.

"Nakuja sasa hivi," anawaambia. "Msinisumbulie mwenzangu."

Mwenzake wa zamu, kijana asiyefunga kwa kuwa si Mwislamu, anacheka kwa kujilazimisha. Miaka mitatu kazini na bado utani huo unamtia baridi ya mgongo.

Bwana Baridi ni jina alilobandikwa na madereva wa magari ya wagonjwa. Ni mhudumu wa chumba cha maiti katika hospitali ya umma, kazi anayoifanya kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Anapokea maiti, anaziandikisha, anaziosha zisizo na mtu, anazikabidhi kwa ndugu. Mtu mrefu, mkimya, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha.

Anaingia bafu la wafanyakazi, anavua ovaroli, anaoga kuanzia utosini. Kanzu yake hukaa kabatini ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, isije ikapata hata tone la uchafu wa kazini. Akishatawadha, anavuka barabara. Msikiti uko upande wa pili, mlango wake ukitazamana na lango la mochwari.

"Watu wanadhani itikafu ni mpaka uwe na likizo ya siku kumi," anasema huku akivua viatu. "Mimi nina dakika arobaini na tano za mapumziko. Basi nazitumia hizo."

Anatanguliza mguu wa kulia na kunuia moyoni kukaa itikafu, yaani kutulia msikitini kwa ibada, kwa muda atakaokuwamo.

Ndani, taa zimepunguzwa. Shuka nyeupe zimetundikwa kwenye kamba, ukuta hadi ukuta, kila moja ikimsitiri mtu mmoja na mkoba wake. Mapangaboi ya dari yanazisukuma taratibu. Chini ya shuka zimechomoza nyayo, jozi baada ya jozi, zimetulia.

Ukitoka mochwari ukaingia humo, mwili unasisimka. Hata yeye ulimsisimka.

"Mwaka wa kwanza nilisimama hapa mlangoni nikashindwa kuendelea," anasema. "Nikajiambia, hivi nimetoka kweli? Halafu mmoja akakohoa. Sijawahi kufurahia kikohozi cha mtu namna ile."

Nyayo hizo ni za watu wa kazi. Yuko fundi viatu aliyefunga kibanda chake na kuingia siku ya ishirini kabla jua halijazama, naye hatatoka mpaka mwezi wa sikukuu uandame. Huyo hatoki ila kwa haja, kutawadha au kuoga. Mwanawe humletea chakula. Haendi kumwona mgonjwa, hasindikizi maziko, wala hapatani bei ya kiatu na mtu humo ndani.

Yuko pia mwoka mikate, anayeondoka baada ya Alfajiri kwenda kazini na kurudi jioni. Imamu, mtu mnene mwenye sauti ndogo, anasema hilo halina ubaya kwa itikafu ya sunna.

"Akitoka kwenda kazini, itikafu yake imekoma, ana thawabu ya muda aliokaa," anaeleza. "Akirudi ananuia upya. Sisi katika madhehebu yetu hata saa moja inafaa, mradi iwe msikitini na iwe kwa nia. Mwenye taabu ni yule aliyejiwekea nadhiri ya siku kumi mfululizo. Huyo akitoka kwenda kazini, amejiharibia. Ndiyo maana nawaambia wafanyakazi, msijifunge kamba msizoweza kuzifungua."

Saa nane inapogonga, shuka zinaanza kusogezwa. Watu wanainuka bila kusemezana, wanapanga safu. Tarawehe na witiri zilishasaliwa mapema usiku. Hizi ni rakaa mbili mbili za tahajudi, za kisomo kirefu na sijda ndefu zaidi, na waliosali witiri hawairudii. Bwana Baridi anasimama safu ya nyuma, karibu na nguzo, ili akitoka asiwakatize wenzake.

Ni kwenye nguzo hiyo ndipo anapokumbuka mambo ya mwaka jana. Hapendi kuyasimulia usiku. Anayasimulia asubuhi, kwenye benchi nje ya mochwari, jua likiwa limeshatoka.

Siku ya ishirini ya mfungo wa mwaka ule, jioni, gari la wagonjwa lilimleta mwanamume wa makamo aliyeanguka kituo cha mabasi. Alifika ameshakata roho. Mikono yake ilikuwa na magamba ya saruji. Mfukoni hamkuwa na hata kipande cha karatasi, wala simu. Kando yake waliokota furushi lililofungwa kwa kamba. Bwana Baridi alilitia kwenye kabati la mali za marehemu bila kulifungua, kwa kuwa kulifungua ni kazi ya polisi.

Usiku ule ule, saa nane, alisikia kitu kinalia.

"Nilikuwa peke yangu. Mwenzangu yuko likizo. Mlio mwembamba, unakatika, unarudi. Nikajua jokofu limeharibika. Nikaenda kwenye majokofu, kimya. Narudi, unalia. Nikafuata ukuta na sikio langu mpaka kabatini. Unatoka ndani ya furushi."

Ulilia kama dakika moja, ukanyamaza.

Usiku wa pili, saa nane, ukalia tena. Usiku wa tatu alikuwa ameshaanza kuusubiri, amekaa kitini, mikono magotini, akitamani usilie. Ukalia.

"Niliogopa, sitaki kukudanganya," anasema. "Miaka yote ile maiti hawajanitisha. Lakini mtu amelala jokofuni na kitu chake kinamwita kila usiku saa ile ile, na yeye haamki... Nikasema, basi mimi nitaamka badala yake."

Akaenda kwenye kiofisi cha kuandikishia, chumba safi chenye mlango wake, akatandika mswala. Pale si msikiti, itikafu haifai, na hilo analijua. Lakini sala ya usiku haihitaji ruhusa ya mahali. Alisali rakaa mbili, akapokea maiti iliyoletwa, akaoga, akasali nyingine mbili. Katika sijda aliomba dua ile ya kuomba msamaha inayopendekezwa katika masiku hayo. Akajikuta anaomba kwa ajili ya wawili.

Polisi walikuja kulifungua furushi siku ya nne. Ndani mlikuwa na mswala, shuka nyeupe, kamba, mswaki, kanzu na saa ndogo ya mezani yenye kengele.

Askari aliandika vitu vyake akaondoka. Bwana Baridi alibaki ameiangalia ile kamba.

"Shuka na kamba! Nikasema, jamani, huyu alikuwa anakwenda itikafu. Kumi lilikuwa linaingia jioni ile ile. Alikuwa njiani."

Kukawa na tatizo. Majokofu mawili kati ya matatu yalikuwa mabovu, na halmashauri ilishatoa kibali cha kuzika wasio na ndugu. Gari lao lingekuja asubuhi inayofuata. Wakishamchukua, hakuna josho la dini wala wa kumsalia, shimo ni moja na alama ni namba.

Mchana ule hakulala. Alikwenda kwa mkuu wake wa kazi kuomba mwili ukabidhiwe kamati ya maziko ya msikiti. Mkuu akakubali, ila uwe umetoka kabla gari halijafika. Akavuka barabara akamkuta imamu.

"Hawa wako itikafu, hawatoki kufuata jeneza," imamu alimwambia. "Na walio nje usiku wa manane utawapata wapi?"

"Sheikh, wao wasitoke. Mimi nikimleta humu?"

Imamu akasema kumsalia maiti ndani ya msikiti kunafaa. "Mlete. Lakini mlete msafi."

Alimwosha usiku huo pamoja na mtunza msikiti, mzee mmoja mkorofi anayefahamika kwa kufukuza watoto. Walimsitiri kwa kitambaa, wakamsafisha, wakamtawadhisha, wakammwagia maji, mara tatu, ya mwisho kwa maji yenye karafuu maiti. Walipomkausha, mtunza msikiti aliinama kuufunika uso. Akasita. Akasogeza taa.

"Huyu namjua," alisema.

Kwa maelezo ya mzee huyo, mtu yule alifika msikitini siku mbili kabla ya kumi kuingia. Alisema ni mwashi, anajenga katika mji wa jirani, na mwaka huu kwa mara ya kwanza msimamizi wake amempa ruhusa. Aliomba nafasi kando ya nguzo, akaahidi kuja kabla ya magharibi ya siku ya ishirini.

"Watu wameitaka ile nafasi mpaka wamenuna," mzee alisema. "Nikawaambia ina mwenyewe. Nilidhani kanyimwa ruhusa."

Wakamvika sanda nguo tatu. Wakamvusha barabara kwenye kitanda cha magurudumu, wawili tu, hakuna gari, hakuna mbwa, magurudumu yakilia juu ya lami. Pale mlangoni wakamhamishia kwenye jeneza.

Kengele ilikuwa imebaki kabatini. Hata hivyo ilipotimia saa nane shuka zikafunguka, moja baada ya nyingine, na watu waliokuwa wamelala wakasimama kumwangalia aliyelala. Hakuna aliyeuliza ni nani. Fundi viatu alianza kulia, naye hajui analia nini.

Jeneza liliwekwa mbele, likitazamana na nguzo ile. Takbira nne wakiwa wamesimama, bila rukuu, bila sijda. Baada ya Alfajiri, kamati na majirani walikwenda kumzika. Wa itikafu walibaki ndani.

"Mimi nilijua yameisha," anasema Bwana Baridi.

Siku ya sikukuu, mwanamke alifika msikitini na kanzu mpya iliyopigwa pasi, imekunjwa mkononi. Alikuja kumchukua mumewe. Hakuwa amemtafuta siku zote hizo, kwa sababu alijua yuko wapi. Simu mume alimwachia nyumbani, alisema hataki kelele.

Mtunza msikiti, mkorofi yule, akamwongoza kuvuka barabara.

"Nilimkalisha pale ulipokaa wewe," Bwana Baridi anasema. "Nikamweleza pole pole. Hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu: 'Kaka, alifika?'"

Anafuta uso kwa kiganja.

"Nikamwambia, 'Alifika, dada. Alichelewa kidogo, lakini alifika.'"

Tangu hapo, nyumbani kwake kumi la mwisho halichezewi. Mkewe, ambaye mwaka huu ameingia hedhi katikati ya masiku hayo na hawezi kusali wala kukaa msikitini, huamka saa ile ile na kuleta nyiradi na dua mpaka daku. "Sala imesimama, ulimi haujasimama," anasema mama huyo. "Na huyu bwana asidhani atakwenda peponi peke yake aniache na vyombo."

Bwana Baridi mwenyewe ameomba likizo yake ya mwakani iangukie kumi lote. Barua iko kwa mkuu, jibu bado. Nafasi ya nguzoni ameshaiomba kwa mtunza msikiti.

"Mzee akaniuliza, 'Na usipokuja?'" anasema, akiinuka kwenda kulala. "Nikamwambia, usimpe mtu. Kwanza vuka barabara uniulizie."