Sifuri ya Mama Springi

Kwa miaka kumi na tisa Mama Springi, fundi wa maabara yetu ya umakanika, aliwaandalia wanafunzi majaribio ya shahada ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo. Alipojisajili kusomea shahada, vijana aliowafundisha kushika bisibisi walimtangulia kuhitimu. Hesabu ilimwangusha mara mbili. Ya tatu ilikuwa ya mwisho. Akianguka, anafutwa chuoni.

Siku matokeo yalipobandikwa, aliingia ofisini kwangu bila kubisha na kunitupia karatasi yake mezani.

“Mwalimu, swali la nne umenipa sifuri. Nieleze.”

Swali lilikuwa y″ + 4y′ + 4y = 0, kitu kikianza kwenye 1 bila kasi. Alikuwa amejaribu e^(rt), akapata r² + 4r + 4 = 0, mzizi mmoja uliojirudia, −2. Jibu lake: (1 + 2t)e^(−2t).

“Mwongozo wa kusahihishia wa Profesa aliyetunga mtihani unasema hakuna jibu,” nikasema, nikisikia sauti yangu ikinywea.

“Hakuna jibu? Nikivuta springi nikaiachia, itaganda hewani ikisubiri kibali cha Profesa?”

Nilicheka. Yeye hakucheka.

“Mafuta yanayoizuia springi yakiwa mepesi, mizizi ni changamano: inayumba huku na huku. Yakiwa mazito mno, mizizi ni miwili, halisi na tofauti: inarudi kwa kujikokota. Katikati ndipo mzizi unapojirudia: inarudi upesi, bila kuyumba. Nimeifunga mashine hiyo tangu wewe una nywele! Sasa ingiza jibu langu kwenye mlinganyo. Hapa hapa.”

Nikaingiza. y′ ikawa −4te^(−2t). Nayo y″ ikawa (8t − 4)e^(−2t). Nikajumlisha. Kila kitu kilifutana, na kasi ya mwanzo ilikuwa sifuri, kama swali lilivyotaka.

Profesa alikuwa ameandika Ae^(−2t) + Be^(−2t), akidhani ana majibu mawili, kumbe ni lile lile limevaa herufi mbili. Alisahau kuzidisha moja kwa t. Ndiyo maana masharti yalimgomea.

Niliona kasoro hiyo siku ya kusahihisha. Niseme ukweli: niliiona. Nikajiambia huenda mimi ndiye niliyesahau, kwa kuwa ni desturi yangu kujishuku kila anapozungumza mkubwa. Hasira iliyonipanda sasa ilimlenga Profesa kwa dakika moja tu. Iliyobaki yote ilinihusu.

“Uliliona kosa hilo ulipokuwa ukisahihisha?” akauliza, akinikazia macho.

“Nililiona.”

“Ukanyamaza.”

Nilijaza fomu ya kurekebisha alama mbele yake. Penye sababu sikuandika ‘hitilafu ya mwongozo’. Niliandika ‘msahihishaji alijua’. Alama kumi na mbili zikarudi, akavuka mstari wa kufaulu kwa tatu.

Nikamnyooshea mkono kumpongeza. Akachukua karatasi yake, akaikunja mara nne.

“Mkono huo, mwalimu, mpe Profesa uliyemnyamazia,” akasema, akatoka akiuacha mlango wazi.